Mkono wa nani? Hadithi ya Kiitaliano kwa anayeanza, na vijineno vinavyoibeba

Hadithi iliyo hapa chini ina maneno kama 200. Vitenzi vyake viko katika wakati uliopo, isipokuwa sentensi moja tu tutakayoifikia. Kisa chenyewe kinaeleweka hata kwa aliyeanza kujifunza mwezi uliopita: mtoto wa miaka sita anapotea sokoni, mwuza matunda anamsaidia, mama anapatikana. Lakini ndani yake kuna mchezo ambao msomaji wa Kiswahili huupita bila kuuona, kwa sababu unachezwa na vijineno ambavyo lugha yetu haina: *un, una, il, la*. Ukivisoma vizuri utajua kabla ya mtoto mwenyewe kwamba amepotea.

Mahali pa kuiweka ni Porta Palazzo, soko kubwa la wazi la mji wa Torino, kaskazini mwa Italia, katika uwanja wa pembe nane uitwao Piazza della Repubblica. Pembeni mwa soko hilo kuna jengo la chuma na vioo lililojengwa mwaka 1916, nalo huitwa Tettoia dell'Orologio kwa sababu ya saa kubwa iliyo mbele yake. Siku za Jumamosi soko hukaa wazi hadi jioni na watu huwa wengi kuliko siku nyingine. Saa ile ndiyo itakayotumika katika hadithi.

Luca al mercato

Oggi è sabato. Luca e la mamma sono al mercato. Luca ha sei anni. Ha una maglietta rossa e un cappello blu.

Il mercato è grande. Ci sono molte persone. C'è la frutta, c'è il pesce, c'è il pane. La mamma compra le mele e le pesche. Luca guarda i pesci. Un pesce è molto grande. Luca guarda, guarda, guarda.

Poi prende una mano. Ma non è la mano della mamma! È la mano di un signore.

Dov'è la mamma? Luca cerca a destra. Cerca a sinistra. La mamma non c'è. Luca ha paura. Piange.

Una signora vende la frutta. Vede Luca.

– Ciao! Perché piangi?

– Mi sono perso. Non trovo la mamma.

– Come ti chiami?

– Mi chiamo Luca.

– Quanti anni hai?

– Ho sei anni.

– Com'è la mamma, Luca?

– È alta. Ha i capelli neri e una borsa verde.

– Va bene. Aspettiamo qui, sotto l'orologio.

La signora chiama forte:

– Chi cerca un bambino? Ha una maglietta rossa e un cappello blu!

Dopo cinque minuti arriva una donna. È alta. Ha i capelli neri e una borsa verde.

– Mamma!

– Luca!

La mamma abbraccia Luca.

– Grazie, signora. Lei è molto gentile.

– Prego. Luca, vuoi una pesca?

– Sì, grazie!

Adesso Luca mangia la pesca. E tiene la mano della mamma.

Kwa Kiswahili

Leo ni Jumamosi. Luca na mama yake wako sokoni. Luca ana miaka sita. Amevaa fulana nyekundu na kofia ya bluu.

Soko ni kubwa. Kuna watu wengi. Kuna matunda, kuna samaki, kuna mikate. Mama ananunua matofaa na pichi. Luca anatazama samaki. Samaki mmoja ni mkubwa sana. Luca anatazama, anatazama, anatazama.

Kisha anashika mkono. Lakini si mkono wa mama! Ni mkono wa bwana mmoja.

Mama yuko wapi? Luca anatafuta kulia. Anatafuta kushoto. Mama hayupo. Luca anaogopa. Analia.

Mama mmoja anauza matunda. Anamwona Luca. Anamwuliza kwa nini analia, naye anajibu kwamba amepotea, hamwoni mama yake. Anamwuliza jina, umri, na mama yake yukoje. Ni mrefu, ana nywele nyeusi na mkoba wa kijani. Basi tusubiri hapa, chini ya saa. Yule mama anapaza sauti: "Nani anatafuta mtoto? Amevaa fulana nyekundu na kofia ya bluu!" Baada ya dakika tano anafika mwanamke. Ni mrefu, ana nywele nyeusi na mkoba wa kijani. Mama anamkumbatia Luca, anashukuru, Luca anapewa pichi. Sasa anakula pichi lile, huku ameshika mkono wa mama.

Pale anapopotea

Rudi kwenye sentensi *Poi prende una mano*. Kwa Kiswahili ni "kisha anashika mkono", na anayesoma hana sababu ya kushtuka. Mtoto yuko na mama yake, ameshika mkono, mkono wa nani tena kama si wa mama? Sentensi inayofuata ndiyo inayomgutusha.

Mwitaliano hashangazwi na sentensi inayofuata. Ameshashtuka kwenye *una*. Kijineno hiki, pamoja na mwenzake wa kiume *un*, hutumika kwa kitu ambacho msikilizaji bado hajakijua: mkono fulani, mkono mmojawapo. Kama ungekuwa mkono wa mama, ambaye tumeshatambulishwa kwake tangu mstari wa kwanza, msimulizi angesema *prende la mano della mamma*, kwa *la*, yaani mkono ule unaojulikana. Kwa kusema *una* ametupa ishara kwamba mkono huu hauna mwenyewe tunayemfahamu. Mtoto hajui bado, macho yake yako kwa samaki. Sisi tunajua.

Ukitaka kuihifadhi ishara hiyo kwa Kiswahili itabidi uongeze neno: "anashika mkono fulani", au "anashika mkono wa mtu". Hapo sentensi inakuwa nzito na siri inatoka yote. Kiitaliano kinafanya kazi hiyo kwa silabi mbili.

Sasa fuata vijineno hivyo katika hadithi nzima. Mwuza matunda anaingia kama *una signora*, mama mmoja tusiyemjua. Akishaingia, mara ya pili anaitwa *la signora*, yule mama. Luca, ambaye kwetu ni Luca tangu mwanzo, kwa umati wa sokoni ni *un bambino*, mtoto fulani, ndiyo maana mwuza matunda anaita *Chi cerca un bambino?* Umati haumjui Luca, kwa hiyo kutaja jina lake kusingetosha, na mavazi yake yanatajwa.

Mahali pazuri kuliko pote ni pale anapofika mwanamke. Hadithi haisemi *arriva la mamma*. Inasema *arriva una donna*, anafika mwanamke fulani, kisha inarudia neno kwa neno maelezo aliyoyatoa Luca: mrefu, nywele nyeusi, mkoba wa kijani. Kwa muda wa sentensi mbili tunamtazama kwa macho ya mwuza matunda, ambaye hajawahi kumwona na anajiuliza kama ndiye. Luca anapiga kelele *Mamma!*, na sentensi inayofuata ya msimulizi tayari ni *La mamma abbraccia Luca*. Kutoka *una* hadi *la* mtoto amepatikana. Na pichi nayo inafuata njia hiyohiyo: *vuoi una pesca?*, unataka pichi moja, halafu *mangia la pesca*, anakula lile alilopewa.

Sheria hiyo, kwamba kipya huanza na *un* au *una* na kinachojulikana huchukua *il* au *la*, ina mipaka, na hadithi yenyewe inaionyesha. Pichi na matofaa vinatajwa mara ya kwanza kabisa kwa *le mele e le pesche*, wala si kosa. Kiitaliano kinapotaja vitu kwa aina yake, au vitu ambavyo mtu anatarajia kuvikuta mahali hapo, hutumia kijineno cha kinachojulikana hata kama havijatajwa. Sokoni kuna matunda, samaki na mikate, kila mtu analijua hilo, basi ni *la frutta, il pesce, il pane*. Mtu mpya anayeingia kwenye kisa, au kitu kimoja kinachochomolewa kwenye kundi, ndicho kinachohitaji *un* au *una*: *guarda i pesci*, anatazama samaki wale walio mezani, kisha *un pesce*, mmoja wao, ni mkubwa sana.

Kosa la kawaida la anayetoka kwenye Kiswahili ni kuviacha vijineno hivi kabisa. Anasema *Luca prende mano*, *mamma compra mele*. Ataeleweka, lakini katika hadithi hii ataua kisa. Kosa la pili ni kutumia *uno* kwa sababu ndiyo namba moja. *Uno* ipo, ila hutangulia maneno machache tu ya kiume, yale yanayoanza kwa *z*, au kwa *s* inayofuatwa na konsonanti nyingine, na mengine ya namna hiyo. Maneno hayohayo ndiyo yanayochukua *lo* badala ya *il*, na *gli* yakiwa mengi. Hadithi hii haina hata moja kati ya hayo. Kwa anayeanza ni afadhali hivyo: *il*, *la*, *l'*, *i* na *le* zinamtosha kwa wiki kadhaa.

Ngeli mbili badala ya nyingi

Kuhusu upatanisho msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhurumiwa. Anayesema "kikapu changu kikubwa kimeanguka" bila kufikiri hawezi kutishwa na *una maglietta rossa*. Kiitaliano kina makundi mawili tu ya nomino, ya kiume na ya kike, na upatanisho hukaa mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. *Maglietta* inaishia kwa *-a*, ni ya kike, basi rangi nayo inakuwa *rossa*. *Capelli* ni ya kiume na ni wingi, basi *neri*. *Borsa verde* inashangaza kidogo kwa sababu mkoba ni wa kike lakini rangi inaishia kwa *-e*. Vivumishi vinavyoishia kwa *-e*, kama *verde*, *grande* na *gentile*, havibagui kiume na kike, hubadilika kwenye wingi tu. *Blu* haibadiliki popote.

Neno moja tu katika hadithi linavunja mazoea ya kutazama herufi ya mwisho, nalo ndilo neno kuu la kisa: *mano*. Linaishia kwa *-o* kama maneno ya kiume, lakini ni la kike, *la mano*, na wingi wake ni *le mani*. Ukiona mtu ameandika *un mano* ujue amekisia kwa herufi ya mwisho. Kuna haja ya kulikariri pamoja na kijineno chake, *la mano*, kama mtoto wa Kiswahili anavyojua "kiboko" ni mnyama anayetembea ingawa kinaanza kwa *ki-*.

Ana miaka, ana hofu

Msomaji aliyepitia Kiingereza kabla ya kufika kwenye Kiitaliano ana tabia ya kubeba mizigo isiyo ya lazima. Kwa *Luca ha sei anni* atataka kuweka kitenzi cha "kuwa" na kusema *Luca è sei anni*. Aangalie Kiswahili chake mwenyewe: Luca *ana* miaka sita. Kiitaliano kinasema hivyohivyo, *ha*, kutoka kitenzi *avere*, kuwa na. *Ho sei anni*, nina miaka sita. *Quanti anni hai?*, una miaka mingapi. Woga nao uko hivyo: *ha paura*, ana hofu. Ukisikia njaa au kiu utasema *ho fame*, *ho sete*, kama unavyosema nina njaa, nina kiu.

Pia hakuna haja ya kutaja "mimi" au "yeye" kila sentensi. Katika hadithi nzima *lui*, yaani yeye kwa mwanamume, halipo hata mara moja. Kiswahili huweka mtendaji mwanzoni mwa kitenzi (ni-, u-, a-), Kiitaliano humweka mwishoni: *chiamo* naita, *chiami* unaita, *chiama* anaita. Ukiwa na mwisho huo, kiwakilishi kinakuwa cha kusisitiza tu, kama unaposema "mimi nimekuja, yeye hajaja".

Lugha hizi mbili zinaachana kwenye *è*. Sisi tuna "ni" kwa hali na "yuko, yupo" kwa mahali, na hatuvichanganyi. Kiitaliano kina *è* kwa vyote viwili: *il mercato è grande*, soko ni kubwa, *dov'è la mamma?*, mama yuko wapi. Halafu kuna *c'è* na *ci sono*, ambazo ni "kuna" ya mmoja na "kuna" ya wengi. Kwa hiyo *la mamma non c'è* ni mama hayupo, na *non è la mamma* ni siye mama. Katika hadithi hii tofauti hiyo si ndogo. Sentensi moja inasema mama ameondoka machoni, nyingine inasema huyu tuliye naye ni mtu mwingine.

Nimepotea

Sasa ile sentensi moja ambayo haiko katika wakati uliopo: *Mi sono perso*. Mwandishi wa hadithi rahisi angetamani kuiepuka, maana ina mambo matatu ambayo anayeanza hajayafikia. Lakini hakuna Mwitaliano aliyepotea anayesema kitu kingine, na kuiacha kungeifanya hadithi isitumike barabarani. Dawa yake ni kuikariri kama neno moja, kisha kujua kwa juujuu kilicho ndani.

*Perso* ni "-liopotea", *sono* ni "ni" ya mimi, na *mi* ni kama "ji-" yetu, kitendo kinachomrudia mtendaji. Kiswahili kinatatua jambo hili kwa kupanga shina: poteza na potea. Kiitaliano kina shina moja, *perdere*, na hutofautisha kwa hiyo *mi*. Ukiisahau maana inabadilika. *Luca si perde* ni Luca anapotea. *Luca perde* ni Luca anashindwa, tuseme kwenye mpira.

Anayesema *mi sono perso* ni mwanamume au mvulana. Msichana atasema *mi sono persa*, na kundi la watu litasema *ci siamo persi*. Kivumishi kinamfuata anayezungumza, jambo ambalo kwa Kiswahili halipo kabisa kwa sababu hatubagui kiume na kike. Mwanamke anayekariri sentensi ya Luca kama ilivyo ataeleweka, ila atachekwa kidogo.

Na usiigeuze kuwa *ho perso la mamma*. Hiyo ni "nimempoteza mama", na kwa Kiitaliano hubeba uzito uleule inaoubeba kwetu: inaweza kumaanisha mama amefariki. Kwa mtoto anayelia sokoni wataelewa, kwa mtu mzima watampa pole ya msiba. *Non trovo la mamma*, simpati mama, haina hatari hiyo, na kisarufi ni nyepesi: *trovo*, napata, na *non* mbele yake basi.

Herufi zinazodanganya jicho la Mswahili

Maandishi ya Kiitaliano husomeka karibu kama yalivyoandikwa, sawa na ya Kiswahili, ndiyo maana tunayasoma kwa kujiamini kupita kiasi. Mtego mkubwa ni *c* na *ch*, kwa sababu viko kinyume na vyetu. *C* mbele ya *i* na *e* husomwa "ch" yetu: *ci* ni "chi", *cerca* ni "cherka", *c'è* ni "che". *Ch* husomwa "k": *chi* ni "ki", *chiama* ni "kiama", *perché* ni "perke". Kwa hiyo *ci sono* ("chi sono") ni kuna, na *chi sono* ("ki sono") ni swali, wao ni akina nani, au mimi ni nani. Jina la mtoto nalo ni zoezi: Luca ni "Luka", lakini dada yake angekuwa Lucia, "Luchia".

Sokoni mtego huu una bei. *Pesce* ni samaki, na hapo *sc* mbele ya *e* husomwa "sh": "peshe". *Pesche* ni mapichi, na *h* iliyoingia katikati inaifanya "peske". Mama ananunua *le pesche*, Luca anatazama *i pesci*, "peshi". Ukimwambia mwuza matunda unataka "peshe" atakuelekeza kwenye meza za samaki.

*G* nayo hufuata mtindo wa *c*: mbele ya *i* na *e* ni "j" yetu. *Piange* ni "pianje", *orologio* ni "orolojo", *mangia* ni "manja". Hiyo *i* ya *mangia* haisomwi, imewekwa tu kulainisha *g*. *Gn* ni "ny": *signora*, "sinyora".

Konsonanti inayoandikwa mara mbili ni lazima ikae mdomoni muda mrefu zaidi, na hapa ndipo wengi huteleza. *Cappello* ni kofia, *capello* ni unywele mmoja. Luca ana *un cappello blu*. Ukiisoma kwa *p* moja umempa unywele mmoja wa bluu. *Capelli neri* za mama ni nywele, zina *p* moja na *l* mbili, na ukizizidisha *p* zinakuwa kofia nyeusi kadhaa kichwani pa mtu mmoja. Kwa *anni*, miaka, shikilia *n* kama unavyoishikilia ya kwanza katika "nne", an-ni. Kwa *n* moja neno linakuwa la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu, na kwa bahati mbaya umri ni swali la kwanza kwenye kila darasa.

Halafu kuna *vende* na *vede*, ambazo hadithi imeziweka jirani kwa makusudi. *Vende* anauza, *vede* anaona. *Una signora vende la frutta. Vede Luca.* Ukiingiza *n* kwenye sentensi ya pili, yule mama mwema anamwuza mtoto.

Mkazo wa sauti hautakusumbua sana, maana Kiitaliano nacho hupenda silabi ya pili kutoka mwisho. Katika hadithi yote maneno mawili tu yanakataa: *perché*, ambalo alama juu ya *e* inakuonyesha mkazo ulipo, na *sabato*, ambalo halina alama yoyote. Mswahili atasema sa-BA-to. Ni SA-ba-to.

Nani anaambiwa *tu*

Mwuza matunda anamwambia Luca *perché piangi*, *come ti chiami*, *hai*, *vuoi*: zote ni za *tu*, wewe wa karibu, na kwa mtoto ndivyo inavyofaa. Mama anapomshukuru mwuza matunda anabadilika, *Lei è molto gentile*. *Lei* hapa ni wewe wa heshima, na kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu, kana kwamba anamzungumzia mtu wa pembeni: tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "yeye ni mkarimu sana". Watu wazima wasiofahamiana huanza hivyo, hata sokoni. *Signora* peke yake, bila jina, inafanya kazi ya "mama" tunayomwitia mwanamke tusiyemjua, na haihusu kama ameolewa.

Kumbadilisha mama kuwa baba

Njia ya kujua kama umeishika hadithi ni kumtoa mama na kumweka baba, *il papà*, kisha kuhesabu kinachobadilika. *La mamma* inakuwa *il papà* kila mahali. *Della mamma* inakuwa *del papà*, kwa sababu *di* na *il* huungana kuwa *del* kama *di* na *la* zinavyoungana kuwa *della*. *È alta* inakuwa *è alto*, mara mbili. *Arriva una donna* inakuwa *arriva un uomo*. Luca anapiga kelele *Papà!*, kwa mkazo mwishoni. Ukiukosa mkazo huo umemwita Papa wa Roma, *papa*.

Yasiyobadilika ndiyo yanayofundisha zaidi. *Gentile* inabaki, na *Lei* inabaki, kwa sababu anayeambiwa ni mwuza matunda hata kama anayeshukuru sasa ni baba. *Ha i capelli neri* haiguswi: rangi inafuata nywele, haifuati mwenye nywele. *Una borsa verde* nayo inabaki kama ilivyo, ingawa wengi huandika *un borsa* wakifikiri mwanaume ameugeuza mkoba wake kuwa wa kiume. Na *mi sono perso* inabaki, kwa kuwa aliyepotea bado ni mvulana.

Ukimbadilisha na mtoto kuwa Lucia, mambo mawili zaidi yanageuka: *persa*, na *Chi cerca una bambina?* Basi. Na *prende una mano* haiguswi popote.